Sentensi nne za kuondoa maombi

Jumamosi moja saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha shangazi, Mbagala, simu mkononi, chai inapoa pembeni, nikiandika barua pepe ya kuwaambia watu wasinisubiri. Kuomba ile kazi kulinichukua nusu saa. Kuondoa maombi kulikuwa kunaelekea saa ya pili.

Nieleze kwanza nilivyofika hapo. Mimi ni mhasibu. Nilikuwa nimeomba kazi sehemu kadhaa, na mbili kati ya hizo zilijibu karibu wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro, na wao walinitumia ujumbe wa kuniita kwenye usaili Jumanne saa tatu asubuhi. Ya pili ilikuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti Singida, ambako usaili nilishaufanya wiki mbili kabla. Jumatano jioni kiwanda kikanipigia: "Hongera, umepata." Ijumaa mchana barua ya ajira na mkataba vikaingia kwenye barua pepe, meneja ameshasaini upande wake. Nikausoma usiku, alfajiri nikausaini na kuurudisha. Sasa zilibaki siku tatu kufika Jumanne ya Morogoro, na kule kuna watu wamenipangia kiti.

Utaniuliza kwa nini sikuwaandikia Jumatano ileile niliposikia hongera. Jibu langu ni rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye aliwahi kupewa hongera ya simu na kampuni moja, akafurahi, akaandika barua za kujitoa sehemu mbili kwa usiku mmoja. Wiki iliyofuata kampuni ikamwambia bajeti ya nafasi hiyo haikupitishwa. Alirudi kule alikojitoa kwa unyenyekevu, na kote wakamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba nafasi ameshapewa mwingine. Hongera ya simu si ajira. Tangu hapo nina utaratibu mmoja: sijitoi popote mpaka niwe na karatasi yenye saini mbili.

Na karatasi yenyewe niisome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi anayokwenda kufanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, ujira na jinsi unavyokokotolewa. Mimi huangalia tarehe ya kuanza na ujira kabla ya kitu kingine, kisha natafuta sentensi zinazoanza na "endapo". Ukikuta "endapo vyeti vyako vitathibitishwa" au "endapo utafaulu uchunguzi wa afya," ujue ajira hiyo bado imefungwa kwa kamba. Vyeti vyangu navijua, hivyo kamba ya namna hiyo hainisumbui. Lakini "endapo fedha za mradi zitapatikana" ningeiogopa, na barua ya kujitoa ningeisubirisha.

Ule mkataba wa Singida haukuwa na endapo ya kutisha. Kilichobaki kilikuwa adabu kwa watu wa Morogoro.

Hapo ndipo nilipokwama, maana rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Natumai barua pepe hii itakukuta u buheri wa afya na kwamba unaendelea vyema na majukumu ya ujenzi wa taifa. Ninasikitika sana kukujulisha kwamba, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu, naomba kwa sasa kusitisha maombi yangu ya kazi, na natumai mtanifikiria siku nyingine nafasi itakapotokea."

Ukiisoma haraka inaonekana ya heshima. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua za kiofisi. Lakini niliisoma nikijiweka kwenye kiti cha anayeipokea, na kile kiti nakijua. Katika kazi yangu ya awali niliwekwa mara mbili kwenye kamati ya usaili. Kazi yangu ilikuwa kuandaa swali la vitendo, la usuluhisho wa benki, na kusahihisha majibu. Nililetewa orodha ya walioitwa, karatasi za alama, na karatasi nyingine ya karani yenye mabadiliko: nani amebadilisha siku, nani hapatikani, nani amejitoa.

Katika orodha moja kulikuwa na mtu aliyeandika kwamba "kwa sasa anaomba kusitisha". Karani, mama makini kweli, alimwacha kwenye orodha. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kasema kwa sasa. Labda ana dharura, kesho atakuja." Tulimsubiri kwa dakika ishirini na tano, watu wanne wazima tumekaa tunatazama mlango, na mmoja wetu alikuwa ametoka ofisi nyingine kuja kusaidia. Baadaye tulijua alishaanza kazi kwingine mwezi mzima nyuma. Aliandika kwa adabu, ila hakusema alichotaka kusema.

Kwa hiyo nikairudia rasimu yangu neno kwa neno. "Kwa sasa" ikatoka ya kwanza. Ikafuata "sababu zilizo nje ya uwezo wangu", kwa kuwa huo ni uongo. Sababu ilikuwa ndani ya uwezo wangu kabisa, nimeisaini alfajiri kwa mkono wangu. Msemo huo tunautumia kwa mafuriko na misiba, na anayeusoma anaweza kukupigia simu kukupa pole. "Ninasikitika sana kukujulisha" nayo nikaifuta. Mtu akianza na hayo, msomaji anatafuta jina la marehemu.

"Mtanifikiria siku nyingine" iliniuma kuifuta, kwani nilikuwa naimaanisha. Lakini fikiria upande wa pili: mtu anakuambia hakuhitaji, na kwenye sentensi hiyohiyo anakuomba umkumbuke. Wakitaka kukukumbuka watakukumbuka kwa jinsi ulivyoondoka.

Neno lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa "naomba". Kwa Kiswahili chetu mtu haanzi jambo na mkubwa bila kuomba. Unaomba kuuliza, unaomba kupita, unaomba kuaga. Kwa hiyo "naomba kuondoa maombi yangu" inakuja yenyewe ulimini. Tatizo lake ni kwamba ombi husubiri jibu. Msomaji anaweza kuliweka pembeni mpaka mkubwa atoe ruhusa, na mkubwa yuko safarini. Kuondoa maombi hakuhitaji ruhusa ya mtu, ni taarifa. Upande mwingine, ukiandika "naondoa maombi yangu" peke yake, bila kuitangulizia chochote, inasikika kama mtu aliyesusa. Niliyoiona inafaa ni "naandika kuwajulisha kuwa naondoa maombi yangu". Hapo kuna taarifa, kuna upole, na hakuna mlango uliobaki nusu wazi.

Kuna pia maneno ambayo watu huyachanganya. Nimewahi kuona barua yenye kichwa "KUJIUZULU NAFASI YA MHASIBU" kutoka kwa mtu ambaye hata usaili hajafanya. Hujiuzulu nafasi ambayo hujapewa. Wengine huandika "kukataa kazi", na hilo linafaa tu ikiwa umeshapewa barua ya ajira na hujaikubali. Kabla ya hapo unaondoa maombi, au unajiondoa kwenye usaili. Tofauti hii ina maana kwa karani anayepanga mafaili, kwani kila neno linakwenda kwenye faili lake.

Basi hii ndiyo barua niliyotuma. Jina la kwanza na namba nimeziacha.

Kichwa cha barua pepe kilikuwa: "Kuondoa maombi ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi, usaili wa Jumanne saa 3:00 asubuhi". Halafu:

"Ndugu Meneja,

Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi utakaofanyika Jumanne saa 3:00 asubuhi. Naandika kuwajulisha kuwa naondoa maombi yangu ya nafasi hiyo, kwa kuwa nimekubali kazi kwingine. Hivyo sitafika kwenye usaili, na muda wangu mnaweza kumpa mwombaji mwingine. Nawashukuru kwa kazi ya kupitia maombi yangu, na nawatakia kila la heri katika kumpata mtu mnayemhitaji.

Wako mtiifu,"

Kisha jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti na kwenye barua ya maombi, na namba ya simu ileile niliyoombea. Hili la jina si dogo. Kwenye simu natumia jina la utani, na barua pepe yangu ilikuwa inaonyesha hilo. Karani mwenye majina sitini hatakaa kubahatisha huyu ni nani. Kama tangazo lilikuwa na namba ya kumbukumbu, nayo inakaa kwenye kichwa. Langu halikuwa nayo, ndiyo maana niliweka siku na saa ya usaili.

Utaona sikutaja nimepata kazi wapi wala mshahara gani. Hawahitaji, na ukitaja jina la kampuni unageuza taarifa kuwa tangazo. Vilevile sikusema lolote kuhusu tangazo lao ambalo, kwa kweli, halikutaja mshahara hata kwa kukadiria. Nililalamikia hilo kwa shangazi, si kwao. Barua ya kujitoa si mahali pa kutoa ushauri ambao hujaombwa.

"Nimekubali kazi kwingine" ni maneno matatu, na nilifikiria kuyaacha. Mtu halazimiki kutoa sababu. Niliyabakiza kwa sababu moja: yanafunga mjadala. Ukisema umejitoa tu, mwenye huruma atadhani ni nauli, au ni ugonjwa, na atakupigia kukuuliza kama wakusogezee siku. Ukisema umekubali kazi, wanaelewa ni jambo lililokwisha.

Niliituma kama jibu la ujumbe uleule walioniita nao, ili historia ikae pamoja. Bahati yangu waliniita kwa barua pepe. Siku hizi wengi huita kwa ujumbe wa simu au kwa Wasapu, na ukijibu barua pepe ambayo haisomwi mpaka Jumatano utakuwa hujasema kitu. Kama ingekuwa hivyo ningejibu palepale waliponiitia, kwa sentensi mbili, kisha ningetuma barua pepe kwa ajili ya faili. Na kama ningekuwa nimepata ule mkataba Jumatatu jioni, ningepiga simu kwanza. Kumwandikia mtu usiku kuhusu kesho asubuhi ni kama kutokumwandikia.

Jambo moja ambalo watu hulipita haraka ni saini. Barua hii ya sentensi nne inafanya kazi kwa aliyeko kabla ya mkataba. Ukishasaini mkataba wa watu halafu ukapata kwingine kunono zaidi, hapo huondoi maombi tena, unavunja mkataba, na karatasi inayotakiwa ni notisi. Kwa Tanzania, sheria hiyohiyo, kifungu cha 41, inasema notisi isipungue siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wenyewe unaweza kutaka siku nyingi zaidi. Nimeona kijana anatuma barua tamu ya "naondoa maombi yangu" siku mbili baada ya kusaini, akishangaa kwa nini anajibiwa kwa ukali na mwanasheria wa kampuni. Barua yenyewe haikuwa na kosa lolote, isipokuwa ilichelewa kwa saini moja.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa meneja wa kile chama cha Morogoro, mama mwenye sauti ya mwalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata. Nimepiga kukushukuru, maana wengine hawasemi."

Nikajibu nilivyojua, nikadhani tumemaliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa niambie, hao wamekupa ngapi?"

Hili sikulitegemea, na kwenye kibaraza cha shangazi sikulifanyia mazoezi. Kichwani zilipita hesabu. Morogoro ni karibu na Dar, Singida ni mbali. Ningetaja namba, ningeongeza kidogo, ningeona atasema nini. Lakini usaili wao ulikuwa bado haujafanyika, hivyo hata akisema watafikia kiasi hicho, hakuwa na cha kunipa zaidi ya maneno. Na mimi upande wa pili nina mkataba wenye saini yangu. Ningekuwa nafanya biashara na kitu ambacho si changu tena.

Nikamwambia, "Mama, nimeshasaini, na tarehe ya kuanza nimeshapewa. Ningekuambia kiasi ningekuwa nakusumbua bure."

Akacheka. "Haya. Basi nimpe nani saa tatu yako? Nina wawili wa akiba."

Nadhani alikuwa anajisemea tu, lakini swali hilo lilinifanya nione kilichokuwa kikiendelea kule. Kamati nyingi huita idadi wanayoweza kuimaliza kwa siku moja, na nyuma yao kuna waliokaribia. Anayejitoa siku tatu kabla anamfungulia mmoja wa hao mlango, na huyo anapata muda wa kutafuta nauli na kupiga pasi shati. Anayejitoa asubuhi ya siku yenyewe, au asiyesema kabisa, anaacha kiti kitupu ambacho hakuna atakayekikalia. Hali huwa mbaya zaidi kwa aliyeshika nafasi ya kwanza baada ya usaili. Akinyamaza wiki mbili huku wanampigia, wa pili naye anachoka kusubiri, anakwenda kwingine, na zoezi zima linarudi kwenye tangazo. Kwenye kamati ile niliyokuwamo tulipoteza mtu mzuri sana wa pili kwa namna hiyo. Alipopigiwa alisema, kwa upole, "Ningejua wiki iliyopita."

Tuliagana vizuri na mama meneja. Hakuniahidi kitu na mimi sikumwomba kitu. Nikarudi kufunga mizigo.

Jumanne jioni, niko Ubungo naulizia basi la Singida la alfajiri, simu ikaita tena. Safari hii ni mwalimu wangu wa chuo, mzee anayenidhamini kwenye kila ombi la kazi tangu nimalize. Nilisahau kwamba kwenye maombi ya Morogoro kulikuwa na wadhamini watatu, na sikumwambia hata mmoja kwamba nimejitoa. Karani wao, ambaye bila shaka alikuwa na orodha ya zamani mezani, alimpigia mzee siku hiyo kuuliza habari zangu.

"Nimekusifia nusu saa nzima," akasema. "Nimewaambia wewe ni mwaminifu, hesabu zako hazina madoa, hukimbii kazi. Yule binti akaandika yote. Mwisho akaguna, akaniambia, 'Baba, hapa naona ameandikwa amejitoa.'"

Nikaomba radhi mpaka kondakta akanitazama.

"Radhi nimeshakupa," akasema mzee. "Ila vocha ilikuwa yangu. Simu ilikatika katikati, nikawapigia mwenyewe ili nimalize."

Nilimtumia vocha ya elfu mbili kabla sijakata tiketi, kisha nikawapigia wale wadhamini wawili waliobaki.